Kabla ya kufuta jina la mpiga picha: ruhusa ya alama na nembo, hatua kwa hatua

Mama mmoja anayepika chakula cha sherehe aliingia ofisini kwangu Ngamiani, Tanga, akiwa na simu mkononi. Alitaka bango la mita 2 kwa 1 la kutundika mbele ya jiko lake kabla ya Ijumaa. Picha alikuwa nayo tayari: meza ya bufee kwenye sendofu aliyoihudumia mwezi uliotangulia, pilau imejaa hadi ukingoni, matunda yamechongwa na kupangwa kama mkia wa tausi. Chini kulia palikuwa na jina la mpiga picha kwa herufi nyeupe zilizofifia. Nyuma ya meza ilisimama friji yenye nembo kubwa ya kampuni ya soda, na kushoto kilionekana kibao cha mpambaji wa ukumbi.

"Mwanangu, nifutie hayo maandishi yote," aliniambia. "Yanakiharibia chakula changu."

Kufuta ni kazi ya dakika tano. Kilichonichukua siku mbili ni kumtafuta mwenye haki ya kusema ndiyo. Nitaufuata mwongozo huu kupitia bango hilo moja, kwa kuwa ndani yake yamo karibu maswali yote yanayomkuta mbunifu wa matangazo, mwenye duka la mtandaoni au yeyote anayeletewa picha na kuambiwa "safisha hapa".

Hatua ya kwanza: tenganisha alama iliyowekwa juu ya picha na nembo iliyokuwa mbele ya kamera

Chukua karatasi uorodheshe kila jina, nembo na maandishi unayoyaona kwenye picha. Mbele ya kila kimoja andika jibu la swali hili: kilikuwepo pale mahali picha ilipopigwa, au kiliongezwa baadaye?

Jina la mpiga picha liliongezwa baadaye. Halizungumzii chakula wala ukumbi, linazungumzia picha yenyewe: hii ni kazi ya fulani. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, ambao Kenya imo tangu 1993 na Tanzania tangu 1994, unasema katika kifungu cha 15 kwamba jina la mtu likiwa kwenye kazi kwa namna ya kawaida, huyo achukuliwe kuwa ndiye mtunzi hadi ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo yale maandishi yaliyofifia ni ushahidi. Anayeyafuta anaondoa ushahidi wa mtu mwingine, na hapo ndipo kufuta kunapokuwa jambo zito kuliko kutumia picha bila kuomba. Aliyeitumia picha ikiwa na jina lake anaweza kudai hakujua taratibu. Aliyelifuta jina hana pa kuanzia kusema hakujua picha ina mwenyewe.

Friji ya soda na kibao cha mpambaji vilikuwepo ukumbini. Hivyo vinasema friji hii ni ya kampuni fulani, mapambo haya ni ya fulani. Picha si yao. Hapa tunatoka kwenye hakimiliki na kuingia kwenye sheria ya alama za biashara na sheria ya kutompotosha mteja. Nitarudi huko, kwa sababu watu wengi huogopa kufuta nembo ya friji na wala hawaogopi kufuta jina la mpiga picha, wakati hatari iko kinyume chake.

Kuna alama ya tatu isiyoonekana kwa macho. Kamera na programu za kuhariria, zikiwekewa hivyo, huandika jina la mpiga picha na tamko la hakimiliki ndani ya faili. Ukiwa na kompyuta yenye programu ya ExifTool, unaisoma hivi:

```
exiftool -Artist -Copyright -By-line -CopyrightNotice -Creator -Rights picha.jpg
```

Mistari ikitoka na jina, umempata wa kuanzia. Isipotoka, usiseme picha haina mwenyewe. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na taarifa hizo hupotea njiani, lakini ikitumwa kama "Document" hufika na kila kitu chake. Picha ya yule mama ilikuwa imetoka kwenye Status ya bibi harusi, kwa hiyo ndani mlikuwa mtupu.

Hatua ya pili: jua nani alibonyeza, nani alilipa, nani alituma

Watu hawa watatu mara nyingi huchanganywa kuwa mmoja. Kwenye kisa chetu aliyebonyeza ni mpiga picha wa harusi, aliyelipa ni familia ya bibi harusi, na aliyeituma ni bibi harusi mwenyewe. Yule mama mpishi hakuwa hata mmoja wao. Hilo lilimshangaza. "Lakini chakula ni changu!" Ni chake kweli, na sifa ya upishi ni yake. Picha ya chakula ni kazi nyingine, ya mtu aliyechagua pembe, mwanga na sekunde ya kubonyeza. Hata ukiwa wewe ndiye unayeonekana kwenye picha, kuonekana hakukupi hakimiliki yake. Kunakupa haki nyingine, ya kuheshimiwa faragha yako na sura yako.

Je, aliyelipa? Hapa nchi zinatofautiana, na ni vizuri kulijua hili kabla ya kupiga simu. Kenya, kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 kinachukulia kwamba kazi iliyoagizwa kwa malipo huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa wawili hao wamekubaliana vinginevyo. Wapiga picha wengi hukubaliana vinginevyo, kwenye ile karatasi ya mkataba ambayo maharusi hutia saini bila kuisoma. Tanzania Bara tunafuata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inayosimamiwa na COSOTA, na Zanzibar wana sheria yao na ofisi yao, COSOZA. Mimi nikiwa huku sijengi kazi juu ya kudhani. Naomba mkataba wa mpiga picha, na kama haupo, naomba kauli ya pande zote mbili.

Hata pale ambapo haki ya kutumia imehamia kwa aliyelipa, mpiga picha hubaki na zile zinazoitwa haki za kimaadili: haki ya kutambuliwa kama mtunzi, na haki ya kupinga kazi yake isiharibiwe kwa namna ya kumvunjia heshima. Sheria ya Kenya, kifungu cha 32, inasema haki hizo hazihamishiki mtunzi akiwa hai. Ndiyo maana "nimeshamlipa" si jibu kamili unapotaka kumfutia jina.

Ikiwa huijui picha ilipotoka, ipitishe kwenye Google Lens na TinEye, zana za kutafuta picha ileile ilipo mtandaoni. Usitosheke na tokeo la kwanza. Tafuta nakala yenye vipimo vikubwa zaidi na ile yenye tarehe ya zamani zaidi, kwani hizo kwa kawaida ndizo ziko karibu na chanzo. Ukikuta nakala moja ina jina la A na nyingine ina jina la B, simama hapo. Mmoja wao huenda naye alifuta.

Hatua ya tatu: omba ruhusa mbili, maana ni mbili

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Mtu anampigia mpiga picha, "Kaka, naweza kutumia ile picha yako?" Anaambiwa, "Tumia tu." Anarudi kwenye kompyuta na kufuta jina. Aliyesema "tumia tu" aliona kichwani mwake picha yake ikiwa na jina lake, pengine kwenye Instagram, akahesabu kuwa nalo litamtangaza. Hakuwaza bango la barabarani lisilo na jina. Ruhusa ya kutumia ni moja, ruhusa ya kubadilisha na kuondoa alama ni nyingine, na ya pili haimo ndani ya ya kwanza mpaka itamkwe.

Iombe kwa maandishi. Ujumbe wa simu unatosha ilimradi unasema picha ipi, itatumika wapi, kwa muda gani, itabadilishwa nini, jina litakaa wapi na malipo ni kiasi gani. Huu ndio niliomtumia mpiga picha wa sendofu ile, na bado ninautumia kwa kubadilisha majina:

"Habari ya kazi, kaka. Mimi ni mbunifu wa matangazo hapa Ngamiani. Mpishi aliyehudumia sendofu uliyoipiga mwezi uliopita anaomba kutumia picha hii niliyoiambatanisha, meza ya bufee, kwenye bango moja la mita 2 kwa 1 mbele ya jiko lake kwa mwaka mmoja, na kwenye kurasa zake za mtandao kwa muda huohuo. Tunaomba faili safi lisilo na alama yako, na ruhusa ya kuondoa friji inayoonekana nyuma. Jina lako tutaliandika chini ya bango. Tafadhali tuambie kama unakubali yote haya, gharama yake ni kiasi gani, na jina liandikwe vipi. Kama kuna usilolikubali, tueleze tulipunguze."

Tazama yalivyowekwa wazi matumizi mawili, bango na mtandao, na muda wake. Mtu akikubali bango, hajakubali gari la matangazo. Akikubali mwaka, hajakubali milele. Na ile picha iambatanishe kweli, isiwe "ile ya juzi", kwa sababu mkigombana baada ya miezi sita hakuna atakayekumbuka ya juzi ilikuwa ipi.

Kwa bibi harusi nilituma ujumbe mwingine mfupi. Kwenye kona ya picha walionekana wageni wawili wakipakua chakula. Mpiga picha hana uwezo wa kuruhusu sura zao zitumike kwenye tangazo la biashara. Nchini Kenya, mwaka 2023, ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliutoza ukumbi mmoja wa starehe wa Nairobi shilingi 1,850,000 za Kenya kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake. Hakimiliki ilikuwa haihusiki hapo kabisa. Tulikubaliana wageni wale wakatwe nje ya fremu, na hilo nalo nikamwambia mpiga picha.

Hatua ya nne: omba faili safi, usifute

Naomba faili safi kwanza kwa heshima, lakini ipo sababu ya kiufundi inayowashawishi hata wateja wabishi. Picha iliyopita WhatsApp kwa ubora wa kawaida hubaki na pikseli kama 1600 upande mrefu. Bango la mita 2 ni inchi karibu 79. Gawanya 1600 kwa 79, unapata pikseli 20 kwa kila inchi. Kwa bango la kutazamwa ukiwa umbali wa hatua chache, mimi sishuki chini ya 72, na 100 ndiyo ninayopenda. Yaani nahitaji upande mrefu wenye pikseli 5,700 hadi 7,900. Yule mama angetundika pilau iliyovunjikavunjika kama mosaiki, halafu penye jina lililofutwa pangekuwa na baka. Zana za kufuta huziba pengo kwa kunakili jirani, kwa hiyo kitambaa cha meza chenye mikunjo kinajirudia, punje ileile ya wali inaonekana mara tatu. Mpiga picha akipita barabarani analiona baka hilo kabla hata hajaiona picha.

Mpiga picha ana faili kubwa, kwake halina alama. Aliponitumia kwa barua pepe lilikuwa na upana wa pikseli 6,000, na kufuta jina hakukuwa tena na maana.

Usiyatoe majina yaliyomo ndani ya faili hilo unapolihifadhi kwa ajili ya mtandao. Baadhi ya programu zina kisanduku cha kuondoa metadata ili faili lipungue uzito. Kifungu cha 35 cha sheria ya Kenya kinataja waziwazi kwamba kuondoa au kubadilisha taarifa za kielektroniki za usimamizi wa haki ni ukiukaji, na kusambaza kazi ambayo taarifa hizo zimeondolewa bila ruhusa ni ukiukaji vilevile. Kwa hiyo anayelipokea faili lililokwisha kufutwa na kulisambaza naye hayuko salama.

"Mimi sikufuta, nilikata tu"

Huu ndio ujanja ninaousikia zaidi. Jina liko pembeni, mtu anapunguza fremu, jina linabaki nje. Anajiona hakugusa kitu.

Kuna kesi ya Marekani inayolijibu hili vizuri. Mpiga picha Peter Murphy aliwapiga picha watangazaji wawili wa redio ya New Jersey kwa ajili ya jarida la New Jersey Monthly mwaka 2006. Jina lake lilichapwa kwa herufi ndogo zilizosimama wima pembeni mwa picha, kama majarida yanavyofanya. Redio ile iliiskani picha, ikaacha ile sehemu yenye jina, ikaiweka mtandaoni na kuwaalika wasikilizaji waichezee waibadilishe watakavyo. Murphy alishtaki. Redio ikajitetea kwamba sheria ya 1998 inayokataza kuondoa taarifa za hakimiliki ilikusudia alama za kidijitali, si jina lililochapwa kwenye karatasi. Mwaka 2011 mahakama ya rufaa ya shirikisho ya eneo hilo ilikataa utetezi huo. Jina lililochapwa pembeni ni taarifa ya hakimiliki, na kuliacha nje wakati wa kunakili kunaweza kuwa ni kuliondoa.

Kwa nini mtu wa Tanga au Mombasa ajali sheria ya Marekani? Kwa sababu mitandao mingi tunayobandika matangazo iko chini ya sheria hiyo, na ndugu zetu walioko huko wanafungua kurasa za biashara huko. Sheria ileile inaruhusu fidia ya dola 2,500 hadi 25,000 kwa kila tendo la kuondoa taarifa, mbali na fidia ya kutumia picha. Inamtaka mlalamikaji aonyeshe kwamba mfutaji alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kwamba kufuta kutasaidia au kuficha ukiukaji.

Kibaya zaidi ya kufuta ni kufuta na kuweka jina jingine. Mpiga picha wa Haiti, Daniel Morel, alipiga picha za tetemeko la Januari 2010 akazituma mtandaoni. Mtu mwingine akazinakili kama zake, zikasambazwa na shirika la habari la AFP kupitia Getty Images zikiwa na jina la yule mwingine. Mwaka 2013 jopo la mahakama ya New York lilimpa Morel zaidi ya dola milioni 1.2. Naikumbuka kesi hiyo kila ninapoona ukurasa wa Instagram umeibandika nembo yake juu ya picha ya mtu, mahali palepale jina la mwenyewe lilipokuwa.

Hatua ya tano: nembo ya friji, kibao cha mpambaji, na nembo ya bidhaa

Sasa turudi kwenye nembo. Sheria ya alama za biashara, inayosimamiwa na BRELA huku Bara na KIPI kule Kenya, inalinda nembo isitumiwe na mwingine kibiashara kiasi cha kuwachanganya wateja. Ukiiondoa nembo ya soda kwenye friji iliyosimama nyuma ya pilau, huitumii, unaacha kuitumia. Kampuni haina la kulalamikia kwa hilo, na mara nyingi kuiondoa ndiyo busara: bango lenye nembo kubwa ya soda linaweza kuonekana kama kampuni ile inamdhamini mpishi. Anayepaswa kuombwa ni mpiga picha, kwa kuwa unaibadilisha kazi yake. Ndiyo maana friji ilitajwa kwenye ujumbe wangu.

Kibao cha mpambaji kilinipa shida zaidi kimoyo kuliko kisheria. Mapambo yale ni jasho lake na yalionekana nusu ya picha. Kukifuta kibao huku mapambo yakibaki ni kumfanya mtazamaji aamini kwamba mpishi anapamba pia. Nilimwambia yule mama, naye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Yule ni mwenzangu kazini, mwache." Kikabaki.

Pale nembo inapokuwa juu ya bidhaa inayouzwa, mambo yanageuka kabisa. Fikiria mwenye duka anayechukua picha ya keki kwenye ukurasa wa mwokaji mwingine, anafuta nembo ya mwokaji, anaweka yake na kuandika "oda zinapokelewa". Au anayeuza mafuta ya nywele kwa picha ya chupa ya kampuni nyingine iliyofutwa lebo. Hapo makosa yamebebana. Picha si yake, bidhaa iliyo pichani si yake, na mteja anaamini atapata kile anachokiona. Sheria ya Ushindani ya Tanzania ya 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Mlaji ya 2012. Kazi ya namna hiyo siipokei, hata mteja akiapa kwamba bidhaa ni "zilezile".

Wewe ni wakala halali wa bidhaa? Usiichukue picha kwa wakala mwenzako na kufuta nembo ya duka lake. Mwombe msambazaji picha rasmi, nyingi zipo tayari na hazina nembo ya duka lolote. Asipokuwa nazo, ipige bidhaa mwenyewe juu ya karatasi nyeupe karibu na dirisha.

Picha za kununua na picha za leseni huria

Mashirika kama Getty Images na Shutterstock hutandaza alama yao katikati ya picha za kuonyesha. Alama ile ni bei. Unaiondoa kwa kununua leseni na kupakua faili jingine, hakuna njia nyingine halali. Angalia pia kama picha imeandikwa `Editorial use only`. Maana yake ni ya habari na elimu, si ya tangazo, mara nyingi kwa sababu ina nembo za watu au sura za watu wasiotia saini. Kufuta nembo hakuigeuzi kuwa ya tangazo, kwa sababu kizuizi kiko kwenye leseni.

Leseni za Creative Commons husomwa herufi kwa herufi. `CC BY` inakuruhusu kubadilisha, hata kuondoa maandishi juu ya picha, lakini jina la mtunzi na tamko lake la haki lazima vihamie kwenye maelezo, na useme kwamba umebadilisha. Ikiwa na `ND`, usisambaze iliyobadilishwa. Ikiwa na `NC`, isahau kwa bango la biashara. `CC0` haina masharti hayo.

Picha za kale nazo huleta mkanganyiko. Kenya, hakimiliki ya picha hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipopigwa, ilipowekwa wazi kwa umma au ilipochapishwa, kwa kufuata tarehe ya mwisho kati ya hizo. Picha ya bandari ya Mombasa ya 1910 inayouzwa na hifadhi fulani ikiwa na alama yake inaweza kuwa imeshatoka kwenye hakimiliki, ilhali faili ulilopakua lina masharti uliyoyakubali ulipobonyeza kitufe. Tafuta nakala ya hifadhi nyingine isiyo na alama, badala ya kubishana na masharti uliyoyaridhia.

Akikataa, asipopatikana, au ukiwa umeshafuta

Akikataa, amekataa. Ukimya nao si ruhusa. Mimi hungoja siku tatu, nikikumbusha mara moja, kisha namwambia mteja tupige picha mpya. Ile hoja ya kwamba ukibadilisha asilimia 30 picha inakuwa yako haipo kwenye sheria ninayoijua, na kuandika "haki zote ni za mwenyewe" chini ya picha uliyoichukua ni kukiri tu kwamba ulijua ina mwenyewe.

Nayasema haya kwa kuwa nimewahi kukosea. Miaka ya nyuma nilimfutia mteja jina kwenye picha ya ufukwe, nikachapa vipeperushi 500. Mpiga picha alivikuta kwenye meza ya mapokezi ya nyumba ya wageni. Alikuja na kompyuta yake, akanionyesha faili la asili lenye upana mara nne ya langu, na picha nyingine tatu alizopiga sekunde chache kabla na baada, mtumbwi uleule ukisogea kushoto kidogo kidogo. Hapakuwa na la kubisha. Jina nililolifuta halikumzuia kuthibitisha lolote, lilithibitisha tu nilichokifanya mimi. Nililipa picha, nikalipa uchapaji mpya, na mteja hakurudi. Haikusaidia kusema niliagizwa, kwani mkono uliofuta ulikuwa wangu.

Ukijikuta hapo, ondoa kilichoko mtandaoni siku hiyohiyo lakini hifadhi nakala na tarehe zake, usifute mazungumzo. Mwandikie mwenye picha kabla hajakuandikia wakili wake, useme ilitumika wapi, nakala ngapi, tangu lini, kisha umuulize bei. Na wewe ambaye umefutiwa jina, anza na kile alichonacho mwenye picha peke yake: faili ghafi la kamera, picha zilizotangulia na kufuata. Piga picha ya skrini yenye anwani na tarehe kabla ya kulalamika, maana mara nyingi mtu akilalamikiwa huondoa haraka na ushahidi ukaenda nao.

Mpiga picha wa ile sendofu alijibu jioni. Alitaka shilingi 40,000, jina lake liandikwe chini kwa herufi za kusomeka, na mtandaoni atajwe. Aliongeza kwamba anayo picha nyingine ya meza ileile aliyoipiga akiwa upande wa mlango, isiyo na friji, wala wageni. Aliituma kama "Document", na nilipoisoma kwa ExifTool jina lake lilikuwamo. Nililiandika chini ya bango kwa herufi za sentimita 2, kibao cha mpambaji kikiwa mahali pake juu ya meza. Hatukufuta chochote. Ujumbe wake wa kukubali nimeuhifadhi kwenye folda moja na faili la bango, na kwenye kalenda nimeweka tarehe ya mwaka mmoja mbele, ili nimkumbushe mama aombe upya au alishushe.